Utangulizi Unaorukwa: Kisa cha Mpishi na Grafu ya Watazamaji Wake

Grafu ya utazamaji ni mstari unaoonyesha, sekunde baada ya sekunde, ni sehemu gani ya video iliyotazamwa na kwa kiasi gani. Mwenye chaneli yoyote ya YouTube huipata ndani ya YouTube Studio, kwenye ukurasa wa Analytics wa video husika, siku moja au mbili baada ya video kuwekwa hewani. Kwa chaneli za mapishi, mstari huo mara nyingi hufichua jambo lile lile: watu wanakuja kutazama chakula, wanakutana na maneno, na wanayapita maneno hayo kwenda kukitafuta chakula.

Kisa kinachosimuliwa hapa ni cha kubuni, na takwimu zake ni za mfano. Mhusika ni mama wa Tanga anayefundisha mapishi ya pwani kwa simu iliyofungwa kwenye kigoda cha miguu mitatu. Hata hivyo, njia anayoipita kuanzia kuusoma mstari, kuuelewa vibaya, kukata kupita kiasi, hadi kupanga upya, ndiyo njia ambayo mwenye chaneli yeyote ya aina hii hulazimika kuipita.

Video ya vitumbua

Video iliyomfungua macho ilikuwa ya vitumbua vya nazi, yenye urefu wa dakika 12. Ilianza kwa nembo ya chaneli na muziki wa sekunde 12. Zikafuata salamu kwa watazamaji wa bara, visiwani na ughaibuni, mpaka sekunde ya 40. Baada ya salamu likaja ombi la kusabskraibu, kubofya kengele na kuwatumia jamaa na marafiki, likaishia 1:05. Kisha mpishi akasimulia habari za bibi yake, aliyekuwa akiloweka mchele usiku na kuamka kabla ya adhana ya alfajiri ili vitumbua viwahi watu wa sokoni. Simulizi hilo lilikwenda hadi 2:30. Hapo ndipo vipimo vilipotajwa: mchele vikombe viwili, tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai na iliki iliyotwangwa nusu kijiko. Ilipofika 3:10, blenda ikaanza kunguruma.

Utangulizi wa aina hii hauna uvivu ndani yake. Mwenye nyumba hawezi kumpa mgeni chakula kabla ya kumjulia hali, na mpishi aliyezoea adabu hiyo huipeleka mbele ya kamera bila kufikiri. Lipo pia jambo la kipato. Ili video iweze kuwekewa matangazo ya katikati, YouTube hudai iwe na urefu wa dakika 8 au zaidi. Kabla ya mwaka 2020 kiwango kilikuwa dakika 10. Wenye chaneli wengi walijifunza kurefusha maneno ili wafikie alama hiyo, na mahali rahisi pa kurefusha ni mwanzoni, ambako bado hakuna kinachoweza kuungua.

Mpishi alikuwa akitazama namba mbili tu kila wiki: idadi ya waliofungua video na idadi ya waliosabskraibu. Zote mbili zilikuwa zinapanda polepole, hivyo hakuona sababu ya kuhangaika. Kilichomsumbua kilikuwa maswali. Chini ya video ya vitumbua, watazamaji wengi waliuliza sukari ni kiasi gani na tui ni kiasi gani, ilhali alikuwa amevitaja vipimo vyote kwa sauti na kwa utaratibu. Alidhani watu hawasikilizi. Alipoufungua mstari, akakuta kwamba wengi wao hawakufika mahali alipovitaja.

Jinsi mstari unavyochorwa

Mstari huanza juu kushoto, kwenye asilimia 100 au karibu na hapo, kisha hushuka kuelekea kulia kadiri video inavyoendelea. Kushuka kwenyewe si kosa. Hakuna video inayomaliza na watu wote ilioanza nao: mmoja hupigiwa simu, mwingine alikosea kufungua, wa tatu alitaka kuona jambo moja tu na ameshaliona. Kinachosomwa ni umbo la mteremko. Mteremko laini maana yake watu wanapungua kwa kawaida. Palipo tambarare, watu wametulia. Bonde huonyesha mahali paliporukwa au palipowafukuza watu, na kilima huonyesha mahali paliporudiwa.

Kilima huwezekana kwa sababu grafu inahesabu mara ambazo sekunde fulani imechezwa. Haihesabu vichwa vya watu. Mtazamaji anayerudisha nyuma ili aone tena jinsi rojo linavyodondoka kutoka kwenye upawa huhesabiwa mara mbili katika sekunde zile. Ndiyo maana mwanzoni kabisa mwa baadhi ya video mstari hupita hata asilimia 100. Anayeisahau kanuni hii atasoma kila pointi kana kwamba ni idadi ya watu waliokaa mbele yake, na hesabu zake zitapotoka.

YouTube yenyewe hutenga namba moja na kuipa uzito: asilimia ya watazamaji waliobaki video ilipofika sekunde ya 30. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza juu ya utangulizi. Mfumo pia huulinganisha mstari wa video moja na ule wa kawaida wa video nyingine za chaneli hiyo hiyo zenye urefu unaokaribiana. Ulinganisho huo una maana kuliko kujilinganisha na chaneli ya jirani, kwa kuwa video ya dakika tatu na video ya dakika 20 hazipotezi watu kwa kasi moja, wala watazamaji wa mapishi hawafanani na watazamaji wa mpira.

Kuruka na kuondoka

Kwa kila mara 1,000 video ya vitumbua ilipofunguliwa, sekunde ya 30 ilichezwa mara 610. Ombi la kusabskraibu lilipomalizika, zilikuwa zimebaki 480. Katikati ya simulizi la bibi, ilipotimia 2:00, mstari uligota chini kabisa kwenye 340. Mpishi alipoona hivyo alikata tamaa. Theluthi mbili ya watu wake, alijiambia, wamemkimbia kabla hata hajashika mchele.

Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe ilionekana kwenye mstari ule ule dakika moja mbele. Blenda ilipowashwa, 3:10, mstari ulipanda ghafla hadi 580. Mtu aliyefunga video hawezi kurudi kwa wingi namna hiyo. Waliojitokeza hapo walikuwa ndani ya video muda wote. Walikuwa wameipeleka mbele.

Tofauti ya 340 na 580 ni 240. Kwa hiyo, kati ya 660 waliokosekana kwenye bonde, takriban 240 waliruka, na takriban 420 waliondoka moja kwa moja. Neno takriban lina kazi yake hapa, kwa kuwa baadhi ya zile 580 ni za watu waliorudia kipande cha kusaga. Lakini sura ya jumla iko wazi: makundi mawili yenye tabia tofauti yalikuwa yamejificha ndani ya shimo moja.

Kuyatenganisha makundi haya ndiko kunakoamua dawa. Anayeondoka hakuona sababu ya kukaa. Pengine kichwa cha video kilimwahidi kitu kingine, pengine sauti ilikuwa mbaya, pengine hakuamini kwamba chakula kitafika. Anayeruka, kinyume chake, anakitaka chakula hicho sana kiasi cha kufanya kazi ili akifikie. Huyu ni mtazamaji mzuri aliyewekewa kizuizi. Kanuni ya kuwatambua ni fupi: bonde linalopanda tena upande wa pili ni la wanaoruka, na poromoko lisilopanda tena ni la wanaoondoka. Katika sekunde 30 za kwanza za video ya vitumbua palikuwa na poromoko. Kati ya 1:05 na 3:10 palikuwa na bonde.

Umbo la bonde lilieleza pia fumbo la sukari. Katika programu ya simu, kugusa mara mbili upande wa kulia wa skrini hupeleka video mbele kwa sekunde 10. Mtu anayetaka kuvuka simulizi refu huchoka kugusa, akaamua kuburuta kidole kwenye mstari wa chini. Kidole hakina shabaha ya sekunde. Kinatafuta picha inayobadilika, na picha ya kwanza iliyobadilika ilikuwa blenda. Vipimo vilitajwa kati ya 2:30 na 3:10 huku kamera ikiendelea kumwonyesha mpishi amesimama pale pale alipokuwa akisimulia habari za bibi. Kwa mtu anayeburuta, vipimo na simulizi vilikuwa picha moja. Akavipita vyote, akatua kwenye blenda, na baadaye akauliza sukari ni kiasi gani.

Watazamaji wanaolipia bando wana sababu ya ziada ya kuruka. Kila dakika ya video inakula bando lao, iwe ni dakika ya salamu au ya kukaanga. Anayetazama jikoni kwake, mikono ikiwa na unga na mafuta yameshapata moto, hana muda wa kungoja.

Kilima kimoja chenye habari njema

Macho yakishazoea kutafuta mashimo, ni rahisi kuvipita vilima. Kwenye 4:20 mstari wa mpishi ulipanda hadi 640, juu kuliko sekunde ya 30. Hapo ndipo alipoinua upawa na kuliacha rojo lidondoke, akisema likiwa jepesi mno vitumbua vitakunywa mafuta na kulegea, na likiwa zito mno vitaiva nje na kubaki vibichi katikati. Watu walikuwa wanarudisha nyuma kutazama uzito huo kwa macho, tena na tena.

Kilima hiki kilimwambia jambo ambalo idadi ya waliofungua video isingeweza kumwambia. Watazamaji hawakuja kwa ajili ya orodha ya viungo tu, maana orodha wangeipata popote. Walikuja kuona kile ambacho maandishi hayakielezi vizuri: uzito wa rojo, rangi ya kitumbua kinapokuwa tayari kugeuzwa, wingi wa mafuta kwenye kila shimo la chuma cha vitumbua. Kilima kingine kidogo kilikuwa mahali alipogeuza kitumbua cha kwanza kwa kijiti. Viwili hivyo ndivyo vilivyokuwa kiini cha video, na vyote vilikuwa nyuma ya dakika tatu za kungoja.

Kukata kupita kiasi

Video iliyofuata ilikuwa ya mkate wa kumimina, unaotumia mchele, tui, hamira na iliki kama vitumbua, ila unahitaji ute wa yai na sufuria yenye moto chini na juu. Safari hii mpishi alifuta kila kitu cha mwanzo. Hapakuwa na nembo, salamu wala bibi. Sekunde ya kwanza ilikuwa blenda.

Sekunde ya 30 ilipanda hadi 700 kwa kila 1,000, na mpishi akafurahi. Lakini maswali yalikuja kwa wingi kuliko awali, na safari hii yalikuwa ya malalamiko. Watu walikuwa wameamua kupika jioni ile ile, wakafika kwenye blenda na mchele mkavu. Hakuna aliyewaambia kwamba mchele hulowekwa kwa saa kadhaa, kwa kawaida usiku kucha, ili ulainike na kusagika bila kuacha chenga. Katika video ya vitumbua, habari hiyo ilikuwa imekaa ndani ya simulizi la bibi: bibi aliloweka mchele usiku. Simulizi lilipotolewa, hatua ya kwanza ya pishi ilitoka pamoja nalo.

Kosa hili ni la kawaida katika chaneli za mapishi, na halionekani kwenye mstari. Mstari wa mkate wa kumimina ulikuwa mzuri mwanzoni hadi katikati. Grafu inaonyesha palipotazamwa. Haionyeshi kama aliyetazama aliweza kupika. Ndiyo maana utangulizi haupaswi kukatwa kabla ya kusikilizwa upya na kuandikwa kwenye karatasi sentensi kwa sentensi, na kila sentensi kuulizwa swali moja: mtu akiikosa hii, chakula kitaharibika? Katika dakika mbili na nusu za utangulizi wa vitumbua, sentensi za aina hiyo zilikuwa mbili. Ya kwanza ilihusu kuloweka. Ya pili ilikuwa tahadhari kwamba mchele wenye harufu kali ya kukaa ghalani hauna budi kuoshwa mara nyingi zaidi. Mengine yote yangeweza kuhama au kuondoka.

Watu wawili mbele ya skrini moja

Baadhi ya wafuatiliaji wa muda mrefu walilalamika kwa namna nyingine: walikosa hadithi. Takwimu zilithibitisha kwamba hawakuwa wanatania. YouTube Studio huruhusu mstari ugawanywe kati ya waliosabskraibu na wasiosabskraibu, na pia kati ya watazamaji wapya na wanaorudi. Mpishi alipoigawanya ile video ya vitumbua, bonde la simulizi lilikuwa na kina kirefu kwa wasiosabskraibu, lakini kwa waliosabskraibu lilikuwa mbonyeo mdogo tu. Waliomjua walimsikiliza. Ambao hawakumjua walimruka.

Sababu inapatikana kwenye ripoti nyingine, ile ya vyanzo vya watazamaji. Wageni wengi walifika kwa njia ya utafutaji: waliandika maneno kama jinsi ya kupika vitumbua, wakachagua moja ya video zilizotokea. Mtu wa namna hiyo ana swali, na anapima kila sekunde kwa kipimo cha swali lake. Mfuatiliaji wa zamani huikuta video kwenye ukurasa wake wa mwanzo akiwa amepumzika, na kwake mpishi mwenyewe ni sehemu ya kinachotazamwa. Hadithi ya bibi haikuwa mbaya. Ilikuwa imewekwa mahali ambapo wageni ni wengi kuliko wenyeji.

Hapa pana tahadhari ya kitaalamu. Mgawanyo wa namna hii huhitaji watazamaji wa kutosha kila upande. Video iliyofunguliwa mara 40 ikigawanywa, upande mmoja unaweza kubaki na watu wanane, na mtu mmoja tu aliyelala simu ikiendelea kucheza anatosha kuuinua mstari. Kwa chaneli ndogo ni salama zaidi kutazama video kadhaa na kuuliza kama umbo lile lile linajirudia. Bonde linalotokea mahali pamoja katika video tano ni tabia ya watazamaji. Likitokea mara moja, huenda ni ajali.

Mpangilio mpya

Video ya tatu ilikuwa ya vitumbua tena, safari hii vya mchele na ndizi, na ilijengwa kwa kuhamisha mambo. Sekunde sita za kwanza zilionyesha kitumbua kilichoiva kikimegwa, mvuke ukitoka. Picha hiyo ina kazi mahususi: inamthibitishia aliyetoka kwenye utafutaji kwamba amefika alipokusudia. Salamu ilibaki, lakini kwa sentensi moja, ikisemwa juu ya picha hiyo hiyo. Sentensi iliyofuata ilikuwa ya kuloweka mchele tangu usiku. Ilipofika sekunde ya 20, kamera ilishuka kutoka usoni mwa mpishi hadi mezani, na vipimo vikatajwa kimoja kimoja huku kila kiungo kikimiminwa bakulini na kipimo chake kikiandikwa kwenye skrini. Mtu anayeburuta kidole sasa angeona picha inabadilika kwenye vipimo kabla ya kufika kwenye blenda.

Hadithi ilipelekwa kwenye kukaanga. Baada ya kitumbua cha kwanza kugeuzwa na rangi yake kuonyeshwa, kinachobaki ni kurudia kazi ile ile kwa nusu saa, na katika video ya zamani kipande hicho kilipita kimya na muziki. Anayejifunza ameshaona anachohitaji, anayependa kukaa ana sababu ya kukaa, na mikono ya mpishi inaendelea kufanya kazi wakati anasimulia. Ombi la kusabskraibu lilitamkwa sinia la kwanza lilipojaa. Mtazamaji aliyefika hapo ameshapata alichofuata, na kumwomba kitu baada ya kumpa si sawa na kumwomba kabla.

Kwenye maelezo ya video, mpishi aliongeza sura, yaani vituo vinavyomwezesha mtazamaji kwenda moja kwa moja anakotaka. YouTube huzitengeneza kutokana na orodha ya nyakati, ikiwa orodha ina nyakati zisizopungua tatu zilizopangwa kwa mfuatano, ya kwanza ikiwa 0:00, na kila sura ikiwa na sekunde 10 au zaidi:

```
0:00 Vitumbua vilivyoiva na kuloweka mchele
0:20 Vipimo
1:00 Kusaga na uzito wa rojo
2:40 Kuumua
3:30 Kukaanga na kugeuza
5:10 Hadithi ya bibi na sinia la kwanza
```

Sura hubadili umbo la mstari, na asiyejua huweza kutishika. Watu wakigusa jina la sura, mstari hupanda kwa hatua kali mwanzoni mwa sura hiyo na huenda ukaonekana umebonyea kabla yake. Mibonyeo hiyo ina maana kwamba vibao vya njia vinafanya kazi. Kosa lingekuwa kuviondoa ili mstari upendeze.

Video mpya ilikuwa na dakika 8 na nusu. Sekunde ya 30 ilichezwa mara 740 kwa kila 1,000, na bonde halikuwepo. Mstari ulishuka taratibu, ukainuka kwenye uzito wa rojo, ukateremka tena. Sehemu ya hadithi ilibaki na mara 380, ambazo zinaizidi kidogo ile 340 iliyokuwa chini ya bonde la zamani, ingawa sasa hadithi imewekwa mbali zaidi ndani ya video. Maswali kuhusu sukari yalipungua yakawa machache.

Video za zamani

Mwenye chaneli yenye video nyingi za zamani hana haja ya kuzirekodi upya zote. Kihariri kilichomo ndani ya YouTube Studio kina chombo cha Trim & cut kinachoweza kuondoa kipande cha video iliyokwisha kuwekwa hewani, na anwani ya video, idadi ya waliotazama na maoni yao yakabaki vilevile. Mabadiliko huchukua muda kuchakatwa, wakati mwingine saa nyingi, na video ikiwa imepita mara 100,000 za kutazamwa huenda mfumo usikubali mabadiliko hayo kama chaneli haimo katika mpango wa wabia wa YouTube. Baada ya kukata, nyakati za sura zote husogea na hazina budi kuandikwa upya. Urefu nao unapungua: video ya dakika 9 ikiondolewa dakika mbili hushuka chini ya dakika 8, na hapo inapoteza nafasi ya matangazo ya katikati. Mpishi wa Tanga alikata nembo na ombi la kusabskraibu katika video yake ya vitumbua, akaacha hadithi mahali pake, kwa kuwa kuihamisha kungehitaji kuhariri upya na kuipandisha kama video mpya isiyo na historia.

Faida ya kazi yote hii hupimwa kwa muda uliotazamwa. Tangu mwaka 2012, YouTube imekuwa ikiupa muda huo uzito mkubwa katika kupendekeza video, badala ya kuhesabu tu zilizofunguliwa. Muda huo pia ni sharti la kuingia kwenye mgawo wa mapato ya matangazo, ambako chaneli ya video ndefu hutakiwa kuwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 zilizotazamwa na umma ndani ya miezi 12. Lakini hapa urefu wa video unaweza kudanganya. Ile ya dakika 12 ilitazamwa kwa wastani wa dakika 4 na nusu. Ile ya dakika 8 na nusu ilitazamwa kwa wastani wa dakika 4 na sekunde 40. Video ilipungua kwa zaidi ya robo, na bado kila aliyeifungua alikaa sekunde 10 zaidi. Mwenye chaneli aliyeangalia asilimia peke yake angeona ushindi mkubwa, na aliyeangalia dakika peke yake angeona hatua ndogo. Zote mbili zisomwe pamoja.

Kwa anayetaka kuanza leo, kazi ni ndogo. Afungue video zake tano zinazotazamwa zaidi, aandike mstari uko wapi sekunde ya 30, na atafute bonde la kwanza. Likipanda tena, asogeze kilichomo mbele zaidi kwenye video. Lisipopanda, atazame upya kichwa cha video, picha ya mwanzo na sentensi yake ya kwanza. Na kabla ya kufuta neno lolote, ahakikishe kwamba ndani ya maneno hayo hakuna mchele unaongoja kulowekwa.